Naumwa, kipindi ni saa 10 leo: nimwandikieje mama wa mwanafunzi?

Ticha wa Mwanga
Wakuu, nafundisha tuisheni ya hesabu hapa Kigoma mjini. Leo Jumanne saa 10 jioni nina binti wa kidato cha nne, anatoka Ujiji kwa bajaji. Asubuhi nimepima, ni malaria, na nimeshaanza mseto. Mama yake alilipia mwezi mzima, na wiki mbili nyuma niliahirisha kipindi kwa msiba. Sasa ni saa 6 na nusu. Nimeandika hivi, sijatuma:

"Habari za mchana mama, poleni na majukumu. Jana usiku nilianza kutetemeka, kichwa kikauma, nikatapika mara mbili, nikaenda kupima nikakutwa na malaria. Hivyo leo inaweza kuwa vigumu kidogo kufundisha. Samahani sana."

Dagaa Mbichi
Pole mwalimu. Piga picha cheti cha maabara umtumie, hatabisha.

Bibi Chaki
Cheti cha nini? Hajamshtaki. Mwalimu, pole. Shida ni hiyo "vigumu kidogo". Mzazi ataona bado upo ila umechoka, atamruhusu mtoto. Tena kwenye simu huonekana mstari wa kwanza tu kabla hajafungua, na wako ni salamu. Kutapika kutoe. Nimefundisha tuisheni miaka mingi, ningeandika:

"Shikamoo mama. Kipindi cha leo saa 10 hakitakuwepo, naomba binti asitoke nyumbani. Nina malaria, nimeanza dawa. Najua ni mara ya pili mwezi huu, naomba radhi. Kipindi hiki ulishakilipia, nitakifidia. Napendekeza Jumamosi saa 4 asubuhi, nitathibitisha Ijumaa. Leo afanye maswali ya logarithimu tuliyoanza, namba 1 hadi 6, nitayasahihisha."

Usiahidi kesho. Mseto ni vidonge 4 mara mbili kwa siku, siku 3. Ukiahidi Jumatano ukashindwa, hiyo itakuwa mara ya tatu.

Mzazi wa Gungu
Wangu aliwahi kukaa mlangoni kwa mwalimu mpaka magharibi. Ujumbe ulitumwa, mimi nilikuwa sokoni simu imezima. Bado linaniuma.

Bibi Chaki
Ndiyo maana atume kisha apige. Tiki moja si jibu.

Nguvu Kazi
Kunywa mseto na chakula chenye mafuta, mwalimu, usinywe tumbo tupu.

Dagaa Mbichi
Mimi naona arudishe hela ya kipindi, mara mbili ni nyingi.

Bibi Chaki
Amuulize mama. Wengine wanataka kipindi, mtihani ni Novemba.

Ticha wa Mwanga
Nimetuma ule wa Bibi Chaki. Tiki moja. Nimepiga mara tatu, hapokei, yuko Kibirizi kwenye dagaa. Nikampigia shangazi yake binti, namba iko kwenye daftari langu la mahudhurio. Amemkuta anafunga kamba za viatu. Mama amenipigia saa 9, amesema "pole mwanangu, pona kwanza". Hela hajaigusia, nami sijauliza. Nitauliza Ijumaa nikithibitisha.