Bei ya serikali ya mahindi: kaka yangu hakuiona, mimi nimeilipa

Kisiagi_Kayole
Wadau, leo nina hasira. Nina kisiagi hapa Kayole, wateja wangu hununua kwa gorogoro. Kaka yangu analima Trans Nzoia. Msimu uliopita serikali ilipotangaza bei ya gunia la kilo 90, wakulima wakayashikilia mahindi wakingoja ghala la serikali lifunguliwe. Huku Nairobi yakaadimika, nikauziwa ghali, na akina mama wakaninunia kana kwamba bei naipanga mimi.

Kaka akakodi trekta, akapanga foleni. Wakachomeka kipimo guniani: unyevu 15, wanataka usizidi 13.5, kayakaushe. Aliporudi, pesa za kununulia zilikuwa zimeisha. Kila aliyekuwa ameshikilia akauza siku zile zile, na mabroka wakajipangia bei. Sasa hiyo bei ilikuwa ya nani?

MwanaKitale
Mzee, wewe unataka mkulima auze kwa hasara ili kisiagi chako kizunguke. Bila bei ya serikali broka angetumaliza.

Kisiagi_Kayole
Si amewamaliza hata hivyo?

Mama_Umoja
Mimi naunga mkono serikali iweke bei. 2017 pakiti ya kilo mbili ilishuka hadi 90. Warudishe.

Karani_Mstaafu
Mama, hiyo ilikuwa bei ya unga, na ilishuka kwa sababu wenye viwanda waliuziwa gunia kwa 2,300, tofauti ikabebwa na Hazina. Hapa tunazungumzia serikali kumwahidi mkulima bei iliyo juu ya soko. Hiyo haishushi unga hata kidogo.

Hesabu_Tu
Gharama yenyewe si kubwa hivyo. Soko likiwa 3,000 na serikali iseme 4,000, inaongeza 1,000 kwa kila gunia. Basi.

Karani_Mstaafu
Hapana, ndugu yangu. Nimekaa miaka mingi kwenye vitabu vya maghala, na hapo ndipo bajeti hupasukia. Chukua mfano mdogo. Kwa 3,000 wakulima wanaleta magunia 100 na wanunuzi wanachukua yote 100. Panda hadi 4,000: aliyekuwa anawalisha ng'ombe mahindi sasa anayaleta sokoni, yanafika 115. Lakini wanunuzi wanapunguza, wanachukua 90. Yamebaki 25, si 15, kwa sababu pande zote mbili zimesogea.

Hayo 25 hakuna mwingine wa kuyanunua kwa bei hiyo. Serikali inalipa 4,000 nzima kwa kila moja, yaani 100,000. Ile 1,000 yako kwa kila gunia, yaani 25,000 kwa yote 25, ndiyo hasara ikiwa tu baadaye itayauza kwa 3,000, tena kabla ya kukausha, dawa ya fukusi na kodi ya ghala.

Hesabu_Tu
Sawa, lakini itayauza, pesa itarudi.

Karani_Mstaafu
Itamuuzia nani? Ikiyamwaga soko lile lile, inaiangusha bei iliyoahidi kuilinda. Lazima iyakalishe hadi mahindi yaadimike, na mahindi hayakai bure. Ikinunua 10 tu kati ya yale 25, wenye 15 wanarudi kwa broka na bei inateremka kwa wote walio nje ya lango.

MwanaKitale
Lakini Kenya hatuna ziada! Tunaagiza mahindi karibu kila mwaka. Hayo 25 yanatoka wapi?

Karani_Mstaafu
Busia na Malaba, mwanangu. Ukitangaza 4,000 huku Uganda yakiwa rahisi, lori halihitaji kuitwa. Pesa uliyotengea mkulima wa Kitale inanunua mavuno ya nchi nyingine. Msimu wa 2017/18 bei ilikuwa 3,200. Wakulima walilia kwamba wafanyabiashara ndio waliolipwa, hadi Seneti ikaunda kamati. Mavuno yaliyofuata bei ikatangazwa 2,300, ikapandishwa kidogo hadi 2,500 baada ya kelele.

MwanaKitale
Basi wafunge mpaka.

Mama_Umoja
Ufunge, halafu mimi nile nini?

Chai_Kericho
Na bonasi ya majani chai je? Hakuna anayetuulizia sisi.

Kisiagi_Kayole
Fungua uzi wako, ndugu.

Karani, asante. Kwa hiyo mimi nalipa unga kwa bei ya juu, kisha nalipa kodi ya kununulia magunia ambayo bei hiyo hiyo imeyakosesha mnunuzi! Basi watangaze bei pamoja na idadi: tutanunua magunia kadhaa, pesa zake hizi hapa, yakiisha tumefunga. Kaka angejua mapema kama akodi trekta au auze shambani.

Karani_Mstaafu
Ukitaja idadi, wenye malori watawahi foleni kabla ya mkulima kumaliza kupukuchua. Nimeliona hilo.

Kisiagi_Kayole
Basi orodha ya waliolipwa ibandikwe langoni, jina na magunia, tuone ni nani huyo mwenye shamba la kutoa lori kumi. Aliye Kitale sasa hivi atuambie kama wanapokea bado. Kaka amebakiwa na magunia stoo na fukusi wameshaanza.