Naomba ushauri: hotuba ya mhazini kwenye mkutano wa mwaka wa chama cha kuzikana

Habari wakuu, mimi ni mhazini wa chama chetu cha kufa na kuzikana huku Mbagala, tuko 60, kila mtu elfu 10 kwa mwezi, jumapili tuna mkutano mkuu na hotuba inanitoa jasho.

Iko hivi, mwaka mzima ilitakiwa iingie milioni 7 na laki 2, imeingia milioni 6 na laki 4 na nusu, hiyo laki 7 na nusu iko kwa wadaiwa (wengine ndo wanaoongea sana mkutanoni). Rambirambi tumelipa milioni 6 na nusu, wanachama wawili milioni moja moja na wategemezi 9 laki 5 kila mmoja, ukiweka na laki na nusu ya nauli na makato ya benki tumetumia laki 2 zaidi ya tulichokusanya. Akiba imeshuka toka milioni 2.6 hadi 2.4.

Sasa watu wameiona hiyo 2.4 kwenye stetimenti wanataka tugawane krismasi. Ila kuna msiba wa desemba bado hatujalipa, tunasubiri kopi ya kibali cha mazishi, hiyo laki 5 si yetu tena, kwa hiyo akiba ya kweli ni 1.9, misiba mitatu ya wategemezi tu ikifuatana tunabaki na laki 4.

Je nianze na deni la huo msiba au nianze na mapato? Na wadaiwa niwataje majina au nisome jumla tu?