Amplifaya ya sosi ya pamoja: baiasi ya geti pekee, au na rezista ya sosi?

Dreni_Wazi: Wakuu, nina transista ya chaneli n, VDD ni 12 V, RD ni 5 kΩ, na nataka mkondo wa 1 mA. Nikitumia fomula hii huku VT ikiwa 2 V, geti inadai 3 V tu na sosi inakwenda moja kwa moja ardhini:

```
ID = 1 mA/V² × (VGS − VT)²
```

Dreni inakaa 7 V, safi kabisa. Sasa mbona michoro mingi inaweka RS ya 2 kΩ na kupandisha geti hadi 5 V?

Solda_Baridi: Achana na RS, inakula gein. gm yako ni 2 mA/V, kwa hiyo bila RS unapata 10. Ukiiweka unabaki na 2.

Mzee_wa_Benchi: Gein ni kweli, ila hiyo ni RS isiyo na kapasita. Tatizo ni VT. Transista za pakiti moja hazilingani. Ukichomeka yenye VT ya 1.5 V kwenye geti ya 3 V, fomula inadai 2.25 mA. RD peke yake ingekula 11.25 V, dreni ibaki 0.75 V. Hapo transista imeshatoka kwenye sachuresheni, na hata fomula yenyewe haifai tena. Yenye VT ya 2.5 V itatoa 0.25 mA. Kwa RS ya 2 kΩ na geti ya 5 V, transista hizo hizo zinatoa kama 1.2 mA na 0.8 mA. Mkondo ukitaka kupanda, sosi nayo inapanda na kuibana VGS.

Kipaza9: Yangu nimepima 0.7 V na inapiga vizuri tu, sijui hiyo 3 V inatoka wapi.

Mzee_wa_Benchi: Hiyo ni besi na emita, mkuu. Transista nyingine kabisa.

Dreni_Wazi: Nimejaribu kwa RS. Nikiita v = VGS − VT, napata 2v² + v − 3 = 0, majibu 1 na −1.5. Nichukue lipi?

Mzee_wa_Benchi: 1. Kwa −1.5, VGS ni 0.5 V, chini ya VT. Transista imezima, ila kipeo cha pili kimeficha alama ya hasi.

Solda_Baridi: Basi weka kapasita sambamba na RS. Kwa 50 Hz na 2 kΩ, 1.6 µF inatosha.

Mzee_wa_Benchi: Haitoshi. Kapasita inaiona RS sambamba na 1/gm, yaani 2 kΩ na 500 Ω, ambazo ni 400 Ω. Hesabu inatoa 8 µF. Mimi ningeweka 22. Ukiweka 1.6, besi itapwaya na utalaumu spika.

Solda_Baridi: Sawa, lakini mimi ningeacha ohm 200 za RS bila kapasita. Gein inashuka hadi kama 7, sauti inakuwa safi zaidi.

Mzee_wa_Benchi: Kwa ishara ya milivolti chache hutasikia tofauti.

Solda_Baridi: Hajasema ishara yake ni kubwa kiasi gani.