Dodoso fupi liamue mjamzito gani apewe vidonge vya kalsiamu, au tuwape wote?

Afisa Lishe Ziwa: Wadau habarini. Ofisini kuna mvutano. WHO wanasema sehemu ambazo watu wanakula kalsiamu kidogo wajawazito wapewe vidonge ili kupunguza kifafa cha mimba. Sisi vidonge havitoshi. Wenzangu wanataka tutunge dodoso fupi la vyakula kama 8, nesi aulize dakika tatu, mama akionekana yuko chini apewe na aliyeko juu aachwe. Mimi nasita. Nyie mnaonaje?

Kijana wa Maabara: Sasa hapo mnahangaika na madodoso ya nini, si mpime kalsiamu kwenye damu tu, majibu yanatoka hapo hapo na hakuna mtu wa kudanganya.

Bibi Mizani: Mdogo wangu hicho kipimo hakikuambii mtu anakula nini. Mwili unailinda kalsiamu ya damu kwa nguvu zote, ikipungua kidogo tu unachota kwenye mifupa, kwahiyo mama anaweza kula kalsiamu kiduchu miaka na miaka na damu ikasoma vizuri kabisa. Ndo maana tunarudi kwenye kuuliza chakula, sio kwamba tunapenda.

Mama Kijacho: Mie nilipewa hivyo vidonge mimba iliyopita, vikubwa kama vya ng'ombe, nikapata choo kigumu nikaviacha kimya kimya. Nesi akiniuliza nasema nameza. Hilo nalo dodoso litajua?

Dokta Kanda ya Ziwa: Mama Kijacho 😂 hapana halitajua. Ila mimi niko upande wa dodoso. Kwenye masomo yangu tuliunda la vyakula 10, tukalilinganisha na mahojiano ya saa 24, yale ya mtu kutaja kila alichokula siku iliyopita, korilesheni ikatoka 0.6. Hiyo kwa mambo ya lishe ni nzuri sana, watu wanachapisha na 0.4. Kwahiyo zana ipo, itumike.

Bibi Mizani: Dokta 0.6 ni nzuri nakubali, lakini inajibu swali jingine. Inakuambia dodoso linawapanga wanawake vizuri kiasi, anayekula nyingi anakuja juu na anayekula kidogo anakuja chini. Haikuambii kama namba yenyewe ni kweli. Dodoso likimwongezea kila mwanamke miligramu 300 za bure korilesheni haitikisiki hata kidogo, ila wote wanaonekana wamevuka mstari. Wewe ulichora tofauti ya kila mtu kati ya vipimo viwili, ile ya Bland na Altman? Maana ukiichora ndo unaona kwamba mama mmoja mmoja anaweza kupotea miligramu 300 au 400 huku au kule, na mstari wetu wenyewe wa kusema mama yuko chini uko kwenye miligramu 800 kwa siku.

Dokta Kanda ya Ziwa: Hatukuchora kwa kweli. Tuliishia kwenye korilesheni na kuwagawa makundi matatu.

Afisa Lishe Ziwa: Bibi Mizani hebu tupe mfano wa mtu, hizo za Bland naziona mbali.

Bibi Mizani: Haya. Chukua mama wa Mwanza. Kila siku anakunywa chai ya maziwa, ndani yake tuseme maziwa mililita 100, hizo miligramu 120. Uji wa ulezi kila siku, unga kama gramu 30, ulezi una kalsiamu nyingi kuliko nafaka zote tunazokula kwahiyo weka 100. Dagaa wakavu wanaoliwa na mifupa yake mara 2 hadi 3 kwa wiki, fungu la gramu 20 nalihesabu miligramu 400, halafu 2.5 gawa kwa 7 unapata kama 143 kwa siku. Mtindi kikombe kikubwa mara moja kwa wiki, 300 gawa kwa 7, 43. Mchicha mara 5 kwa wiki bakuli dogo la 200, hiyo 143 tena. Jumla kama 550. Yuko chini ya 800, apewe vidonge. Sasa mama huyo huyo siku hiyo ametoka kula dagaa juzi na jana na leo kwasababu ndo msimu wake, nesi anamuuliza dagaa unakula mara ngapi anasema aah kila siku. Dagaa peke yake anapanda kutoka 143 hadi 400, jumla inagonga kama 806, anaachwa. Jibu moja tu limemhamisha. Na bado hujagusa ukubwa wa fungu.

Omena wa Kisumu: Hapo kwa fungu ndio shida yenyewe jameni. Huku kwetu omena haipimwi kwa sahani, inapikwa sufuria moja watu saba wanachota. Ukimwuliza mama amekula gramu ngapi atakuangalia tu. Sisi tuliacha kuuliza "unakula kiasi gani" tukauliza "mlinunua gorogoro ngapi, yaani yale makopo ya kupimia sokoni, mlipika mara ngapi, mlikuwa wangapi mezani na watoto ni wa miaka mingapi", tukaenda na mizani ndogo tukapima gorogoro kwa soko. Inachukua muda lakini angalau namba inatoka mahali. Pia tulikuwa na swali kama wanatoa kichwa, kuna nyumba wanatoa kichwa na matumbo na wengine wanatwanga nzima kuwa unga.

Bibi Mizani: Hilo la gorogoro nalinunua. Na mchicha una ugonjwa wake, ile namba ya 200 ni ya kwenye sahani, kwenye utumbo ni stori nyingine. Una oksaleti nyingi inayoshika kalsiamu, kama spinachi ambayo ilipopimwa ilinyonywa asilimia 5 tu wakati maziwa yananyonywa kama 30. Sukuma wiki haina shida hiyo. Kwahiyo mama wawili wenye 550 sawasawa, mmoja wa maziwa mwingine wa mchicha, hawako sawa hata kidogo. Mimi kwenye dodoso mchicha nauandika kwenye mstari wake peke yake, sichanganyi kamwe kwenye "mboga za majani".

Nesi wa Zamu: Naomba kuongea kama mtu ambaye ndo atauliza hayo maswali. Kwanza dakika tatu hakuna, tuna foleni. Pili mama akifika kliniki ameshafundishwa kwamba maziwa ni mazuri, ukimuuliza unakunywa maziwa anasema ndiyo tena kila siku, hawezi kukuambia mbele ya wenzake kwamba hela hana. Mimi huwa nauliza kwa kuzunguka, jana asubuhi ulikunywa nini, ilikuwa na maziwa au ya rangi, hapo wengi wanasema ya rangi. Tatu mimba changa wanatapika, hicho wanachokula mwezi huu sio wanachokula siku zote. Mkiandika "mwezi uliopita" kwa mama wa wiki kumi mnapima kichefuchefu.

Dokta Kanda ya Ziwa: Sista hilo la kichefuchefu ni kweli kabisa. Ila wote mnaponda tu, hata zana mbovu kidogo ni bora kuliko kugawa kwa kubahatisha.

Mtu wa Takwimu: Sio lazima iwe bora. Nifuateni kwa namba za kubuni maana za kweli za wilaya yenu sina. Tuseme wajawazito 100, 90 kati yao kweli wako chini ya 800. Dodoso lenu ni zuri, katika walio chini linakamata 8 kwa kila 10, katika walio vizuri linawatambua 7 kwa kila 10. Walio chini 90, mnakamata 72, mnakosa 18. Walio vizuri 10, mnawatambua 7. Sasa jumlisha walioambiwa "wewe uko sawa nenda nyumbani": 18 na 7, watu 25. Kati ya hao 25, 18 wako chini! Karibu robo tatu ya mliowaacha ndo walihitaji. Na akiba mliyookoa ni vidonge vya watu 25, ambao wengi wao mngetakiwa kuwapa. Tatizo kama wanalo karibu wote dodoso haliwezi kuchuja, hata mkilirembaje. Geuza sasa, mahali ambapo walio chini ni 20 kwa 100, hesabu ile ile inawaacha watu 60 na kati yao waliokosewa ni 4 tu. Hapo dodoso lina kazi.

Dokta Kanda ya Ziwa: Duh. Hii sikuwahi kuiangalia kwa upande wa wanaoachwa.

Afisa Lishe Ziwa: Lakini sasa nitajuaje kama kwetu ni 90 au 20 bila hilo dodoso lenyewe?

Bibi Mizani: Hapo ndo dodoso linapata heshima yake, kwenye kundi sio kwa mtu. Na linatungwa kinyume na wengi wanavyofanya, hawaanzi kwa kuorodhesha vyakula vyenye kalsiamu kutoka kwenye jedwali. Anza na mahojiano ya saa 24 kwa wanawake wa hapo hapo, uone kalsiamu yao inatoka wapi hasa na chakula gani kinawatofautisha. Ugali wote wanakula karibu sawa, hautofautishi mtu, huo unauweka kama namba ya kudumu unayomwongezea kila mmoja. Dagaa na maziwa ndo vinavyopasua kundi. Halafu sampuli ndogo, tuseme wanawake 80, wajibu dodoso na wahojiwe saa 24 kwa siku 3 au 4 zisizofuatana na moja iwe ya wikiendi, ndo unajua dodoso lako linazidisha kwa kiasi gani unalirekebisha. Usipofanya hivyo ile asilimia ya walio chini inakuwa ya uongo hata kama wastani uko sawa, kwasababu makosa ya kujibu yanatanua mtawanyiko, watu wanasukumwa mbali kote kuwili.

Mtu wa Takwimu: Na saa 24 nazo zina uongo wake, mtu anayeficha kwenye moja anaficha kwenye zote. Korilesheni inapanda bila ukweli kupanda.

Mama Kijacho: Mbona hamuulizi udongo? Mie mimba yote nilikula pemba, unauzwa sokoni kabisa. Hauna kalsiamu?

Bibi Mizani: Inategemea umechimbwa wapi, na hata ukiwa nayo hatujui inanyonywa kiasi gani, kwahiyo mimi nauuliza lakini siujumlishi. Maji ya kisima pia, sehemu zenye maji magumu yanaongeza kweli.

Nesi wa Zamu: Mimi nawaambia tugawe wote tumalize. Kuna ule utafiti wa Dar na India uliotoka 2024, wajawazito 11,000 kila nchi, miligramu 500 kwa siku haikuwa na matokeo mabaya kuliko 1500 kwenye kuzuia kifafa cha mimba. Kidonge kimoja badala ya vitatu, vilivyopo vinafika kwa watu mara tatu. Mnasema vidonge havitoshi wakati mnahesabu dozi ya zamani.

Dokta Kanda ya Ziwa: Kwa kifafa cha mimba sawa, ila usisahau kwenye watoto njiti upande wa Tanzania hawakuweza kuthibitisha hivyo hivyo. Na usiwachanganyie na vidonge vya kuongeza damu kwa wakati mmoja, vinapigania kunyonywa.

Nesi wa Zamu: Hiyo tunajua, asubuhi na jioni. Labda ndo maana Mama Kijacho alichoka.

Laigwanani wa Longido: Nimesoma yote, ila mnaongea kama wote ni watu wa dagaa. Kwetu masika mwanamke anaweza kunywa maziwa lita nzima, mkija na dodoso mwezi wa nne mtatuandika hatuhitaji. Mje mwezi wa tisa ng'ombe wamekwenda mbali na ndama anagombea na mtoto, maziwa ni ya kutia rangi chai. Mimba inapita misimu yote miwili. Mtatuweka kwenye 90 au kwenye 20?

Mtu wa Takwimu: Mzee inabidi kuuliza misimu yote miwili na kwa sehemu yenu peke yenu, ila nani atalipia mara mbili sijui.