Makosa kwenye Excel: nahesabu kwa kidole napata 41, fomula inasema 38. Nimwamini nani?

Mama_Dagaa
Habari za jioni wanajukwaa. Niko Kigoma, natunza hesabu za kikundi chetu cha akina mama tunaonunua dagaa mwaloni Kibirizi. Mwezi ukiwa mkali mitumbwi hailali ziwani, kwa hiyo nimeona nitumie siku hizi kusafisha faili. Jumamosi tuna kikao na mweka hazina ameshaniambia anataka kujua makosa ni mangapi na ni ya aina gani, siyo "yapo yapo tu".

Faili liko hivi. Kolamu B ni namba ya mnunuzi (K01, K02 na kuendelea), C ni kilo, D ni bei inayovutwa kutoka karatasi nyingine niliyoiita Bei, E ni malipo, F ni nauli ya mzigo kwa kilo, G ni nauli yenyewe. Mistari ni kuanzia wa 2 hadi wa 412. Fomula zangu za mstari wa kwanza:

```
D2: =VLOOKUP(B2,Bei!A:B,2,FALSE)
E2: =D2*C2
F2: =G2/C2
```

Nimehesabu kwa kidole kwenye D, E na F vitu vyote vinavyoanza na alama ya reli, nikapata 41. Nikarudia, 41. Mdogo wangu akanipa fomula ya ISERROR, ikatoa 38. Hayo matatu yameenda wapi?

Mzee_wa_Mwanga
Binti, usihangaike na kidole. Kuna fomula inaitwa ERROR.TYPE, inakupa namba ya kosa. Kosa la kugawa kwa sifuri ni 2, #VALUE! ni 3, #N/A ni 7. Andika =ERROR.TYPE(D2) pembeni, buruta mpaka chini, umemaliza.

Mama_Dagaa
Shikamoo mzee. Nimeburuta. Sasa kolamu nzima imejaa #N/A! Hata mistari ambayo bei yake ipo sawasawa. Nimeharibu nini?

Fundi_Jedwali
Hujaharibu kitu, dada. Mzee amekupa dawa sahihi ila hakukutajia kipimo. ERROR.TYPE ikikuta seli nzima isiyo na kosa, yenyewe inajibu #N/A. Kwa hiyo unaona #N/A ya seli nzima, na kwa seli mbovu unaona namba. Lazima uulize kwanza kama kosa lipo. Weka hii H2, buruta kulia mpaka J, kisha chini mpaka 412:

```
=IF(ISERROR(D2),ERROR.TYPE(D2),"")
```

H itakuwa inasimulia D, I inasimulia E, J inasimulia F. Seli nzima zitabaki tupu na mbovu zitakuwa na 2, 3 au 7. Ukiona 4 ujue ni #REF!, yaani fomula imekatiwa seli iliyokuwa inaitegemea. Ukiona 5 ni #NAME?, mara nyingi jina la fomula limekosewa herufi.

Hesabu ya jumla ya mdogo wako naamini ni hii, na iko sahihi:

```
=SUMPRODUCT(--ISERROR(D2:F412))
```

Vile vistari viwili vinageuza ndiyo na hapana kuwa 1 na 0 ili vijumlishike. Kwa kila aina huhitaji kitu kizito, COUNTIF inakubali jina la kosa lenyewe:

```
=COUNTIF(D2:F412,"#N/A")
=COUNTIF(D2:F412,"#DIV/0!")
=COUNTIF(D2:F412,"#VALUE!")
```

Tupe majibu ya hizo tatu. Zikijumlishwa zikafika 38 hakuna aina ya nne iliyojificha. Zikipungua, ipo.

Nyuki_Sikonge
Mimi natoka Tabora, nauza asali, na hilo la alama za reli nimelipata. Kolamu yangu ya siku za asali kukaa ghalani inaonyesha ######## tu. Nimeambiwa nipanue kolamu, nimepanua mpaka inagusa ukingo wa kioo, bado. Na ISERROR inasema hakuna kosa. Hii nayo ni aina ya ngapi?

Fundi_Jedwali
Nyuki, asante, umemjibu dada bila kujua. Hiyo #### siyo kosa, na ndiyo maana haina namba. Ni Excel inasema "thamani ninayo lakini siwezi kuionyesha hapa". Sababu ya kawaida ni kolamu nyembamba. Yako ni nyingine: umetoa tarehe kubwa kutoka kwenye ndogo, jibu likawa hasi, na seli imepangwa kuonyesha tarehe. Tarehe hasi haionyesheki hata kolamu iwe pana kama shamba. Badilisha mpangilio wa seli uwe wa namba ya kawaida, utaona kitu kama -14, halafu utajua ni mstari gani uliandika siku ya kuuza kabla ya siku ya kuvuna.

Mama_Dagaa, tazama kolamu E. Una malipo ya milioni yenye mikato?

Mama_Dagaa
Eeh! Nimeipanua kidogo, zimetokea 1,260,000 na wenzake wawili. Ndizo tatu zangu hizo. Kidole kimeshindwa.

Majibu: #N/A ni 22, #DIV/0! ni 9, #VALUE! ni 7. Jumla 38.

Dogo_Gungu
Sista mbona mnazunguka? Funga kila fomula na IFERROR, weka sifuri, faili linakuwa safi dakika mbili. Kikao kinaisha.

Fundi_Jedwali
Dogo, hapo umefagia takataka ukaziweka chini ya mkeka. Mnunuzi asiyepatikana bei atalipiwa sifuri na hakuna atakayeuliza.

Dogo_Gungu
Ripoti ya kuprinti je? Nayo iende na #N/A mbele za watu?

Fundi_Jedwali
Ya kuprinti sawa, nakubali. Ya kufanyia kazi hapana.

Mzee_wa_Mwanga
Nirudi na jingine, na safari hii nimelijaribu kabla ya kusema. Chagua D2:F412, bonyeza F5, kisha Special, kisha Formulas, uache tiki kwenye Errors peke yake. Zote mbovu zinachaguliwa kwa mpigo, unazipaka rangi.

Mama_Dagaa
Nimefanya mzee, nikazipaka njano. Lakini nimezihesabu za njano ni 34. Zile 4 zilizobaki ni kwenye kolamu D, mistari ya wiki ya kwanza. Zimeandika #N/A kama wenzake lakini hazikupakwa.

Fundi_Jedwali
Bofya moja ya hizo nne, angalia kwenye upau wa fomula juu. Unaona VLOOKUP au unaona #N/A yenyewe?

Mama_Dagaa
Naona #N/A yenyewe. Oo. Wiki ya kwanza nilinakili bei kutoka faili la zamani nikabandika thamani tu, bila fomula.

Fundi_Jedwali
Basi ndiyo hiyo. Lile kosa liliganda wakati unabandika. Kwa ISERROR ni kosa kamili, ndiyo maana 38 ni sahihi, ila njia ya mzee iliombwa makosa ya fomula tu. Rudia F5 lakini badala ya Formulas chagua Constants, utazipata hizo nne. Kumbuka jambo moja: ukirekebisha karatasi ya Bei, hizo hazitapona, maana hazisomi tena popote.

Sasa twende kwenye chanzo. 22 ya #N/A siyo wanunuzi 22. Kosa la D linarithiwa na E kwa sababu E inazidisha D. Hesabu #N/A kwenye D2:D412 peke yake.

Mama_Dagaa
11. Na zote ni mnunuzi K07! Lakini K07 yupo kwenye karatasi ya Bei, namwona kwa macho.

Fundi_Jedwali
Mwulize ana herufi ngapi. Kama yuko mstari wa 8 kwenye Bei:

```
=LEN(Bei!A8)
```

Mama_Dagaa
4. Inatakiwa 3. Kuna nafasi tupu baada ya 7, nimeifuta. #N/A imeshuka kutoka 22 hadi 8, yaani mistari minne ile iliyoganda mara kolamu mbili. Nimewaelewa hapo. Lakini sasa #VALUE! imepanda kutoka 7 hadi 8! Natibu jicho, sikio linauma.

Mzee_wa_Mwanga
Hapo hata mimi nimeshindwa. Kufuta nafasi moja kunaletaje kosa jipya?

Fundi_Jedwali
Siyo jipya, lilikuwa nyuma ya lingine. Seli inaonyesha kosa moja tu hata kama ina magonjwa mawili. Chuja kolamu J uone zenye 3. Naamini ni mistari minne, na kwenye C utakuta kilo zimeandikwa na maneno.

Mama_Dagaa
Minne kweli. "35 kg", "40 kg" na kadhalika. Ni mimi mwenyewe, nilikuwa naandikia kwenye simu. Mmoja wao ni wa K07.

Fundi_Jedwali
Huyo ndiye. Mstari wake wa E ulikuwa na bei isiyopatikana na kilo zisizozidishika, ukaonyesha #N/A. Bei ilipopatikana, la pili likatoka hadharani. Ndiyo maana baada ya kila tiba unahesabu upya aina zote, siyo ile uliyotibu tu. Andika 35 bila kg, zote 8 zitaondoka kwa kurekebisha seli nne.

Mama_Dagaa
Nimeandika namba tupu, na zile nne zilizoganda nimezirudishia VLOOKUP. Zimebaki #DIV/0! 9 peke yake. Na jumla ya malipo chini ya E ambayo ilikuwa #N/A sasa imetoa shilingi! Kwa hiyo malipo yako sawa, imebaki nauli tu.

Fundi_Jedwali
Hapana dada, usishangilie bado. #DIV/0! ipo F kwa sababu C ni tupu. Sasa tazama E kwenye mistari hiyo hiyo tisa.

Mama_Dagaa
Inaonyesha 0.

Fundi_Jedwali
Bei mara seli tupu ni sifuri, na sifuri siyo kosa. Hakuna fomula ya makosa itakayoikamata. Hiyo jumla iliyokufurahisha inakosa mizigo tisa. Weka na hii pembeni ya zile tatu:

```
=COUNTBLANK(C2:C412)
```

Mama_Dagaa
9. Siku hizo mzani alikuwa nao mwenzetu wa Katonga, aliandika kwenye daftari lake. Nampigia sasa hivi.

Dogo_Gungu
Akisema daftari limelowa?

Mama_Dagaa
Usiniombee mabaya wewe mtoto. Hapokei.