Wimbo niliomtungia mwanaume sasa anauimba dada, ubeti unanigomea

Kinanda_Ngamiani:
Wakuu habarini za Tanga. Nina wimbo wa harusi, mizani nane kwa nane. Kijana aliyekuwa anauimba kahamia Dar, na harusi ya Chumbageni imekaribia. Sasa anaimba dada mmoja wa Makorora, sauti anayo. Ubeti ni huu:

*Mahari nimeitoa, wazee wameridhia*
*Niliapa sitaoa, hadi nilipokujia*
*Kiuno chaniondoa, akili za kutulia*

Nikiugeuza kwa upande wa bibi harusi, mstari wa pili unaharibika. Nisaidieni.

Dogo_Pongwe:
Mbona rahisi mkuu. Palipo na "ni" weka "u", palipo na "ku" weka "ni". "Mahari umeitoa", "hadi uliponijia". Silabi kwa silabi, hata kinanda hakishtuki. Umemaliza.

Kinanda_Ngamiani:
Hapo sawa, nilishafanya. Shida ni "sitaoa". Mwanamke haoi, na "niliapa sitaolewa" dada anaiimba kama amekwaa kisiki.

Kwani_Lazima:
Si mtafute mwanaume mwingine aimbe? Tanga hii imekosa waimbaji?

Bi_Mkubwa_wa_Vina:
Mwanangu Kinanda, hesabu kwa vidole. *Ni-li-a-pa-si-ta-o-le-wa*, tisa. Umezidisha mizani moja, na kina cha kati kimetoka kwenye "oa" kikawa "ewa", wakati mstari wa kwanza na wa tatu bado vinadai "oa". Kibaya zaidi, bila shaka muziki wako unavuta silabi ya saba, ile "o" ya "sitaoa". Kwenye "sitaolewa" ya saba bado ni "o", lakini mkazo wa neno umehamia kwenye "le". Dada akivuta "o" anatamka neno ambalo hakuna Mswahili anayelitamka hivyo. Ndicho hicho kisiki.

Usihangaike na kitenzi. "Kuolewa" hakitaingia hapo hata ukibane vipi. Tafuta jina lenye "oa", nalo unalo: ndoa. Silabi mbili, mkazo palepale pa saba.

*Niliikimbia ndoa, hadi uliponijia*

Maana ya kiapo inabaki, na nane zimetimia.

Kinanda_Ngamiani:
Shikamoo bibi! Ni kweli "o" ndiyo inavutwa, tena ndiyo noti ya juu kuliko zote.

Mpiga_Gita_Raskazone:
Bi Mkubwa kapatia, ila "niliikimbia" ina "i" mbili zimefuatana. Ngoma ikikaza atazimeza kuwa moja, nane zinageuka saba halafu anaiwahi besi. Jaribu *"Nilishaikana ndoa"*. Nane vilevile, na kukana kuko karibu na kuapa.

Halafu sauti mnapiga wapi? Kama kijana alikuwa C, usimwache dada hapohapo. Chini atanong'ona, na akipanda oktava nzima huo mvuto wa "o" utakuwa kelele. Kwenye kibodi bonyeza TRANSPOSE iende +5, muwe F. Mwambie aimbe mstari wa pili peke yake bila maiki: akiinua kidevu kwenye "ndo", shusha moja, kisha nyingine, hadi kidevu kitulie. Usikadirie kwa mstari wa kwanza, huo hauna mlima.

Kinanda_Ngamiani:
Tumejaribu sasa hivi hapa kwangu. "Nilishaikana" imekaa. +5 ilikuwa juu kidogo, tumeishia +4. Bado kiuno! Dada anacheka kila akifika hapo.

Dogo_Pongwe:
Weka "Kifua chaniondoa". Ngeli ileile, hubadili kitu kingine.

Bi_Mkubwa_wa_Vina:
Mizani inakubali, ukumbi haukubali. Bibi harusi asimame mbele ya baba mkwe amsifie mumewe kifua? Weka *"Sauti yaniondoa, akili za kutulia"*. Badili tu "cha" iwe "ya". Anayejua mafumbo atasikia alichokusudia.

Mama_Zuu:
Bi Mkubwa, kwa heshima yako, wanawake wa taarabu wameimba makali kuliko kifua na wazee wakatunza. Akisema sauti, kwani bwana harusi ni muadhini?

Muheza_Bendi:
Mimi langu lilikuwa jina. Wimbo ulimwita Salma, dada akataka Salimu, silabi ikazidi. Nikaweka Juma. Bwana harusi aliitwa Salimu, hakunilipa hela iliyobaki.

Kinanda_Ngamiani:
Hahaha pole mkuu. Dada anataka kifua, mama wa bibi harusi anataka sauti, na mlipaji ni mama. Tutafanyia mazoezi zote mbili, silabi ni zilezile. Na kiitikio "njoo mke wangu njoo" nimeweka "mume", hakijaleta shida.

Mpiga_Gita_Raskazone:
Angalia hapo. Kijana alikuwa anaanzia "m" mdomo umefumba, dada anafungua "mu" moja kwa moja. Waitikiaji wakizoea "mke" watamchelewa. Wapitishe nao kabla ya Ijumaa.