Tupeane uzoefu: dau la sare kwenye bakara limewafanyia nini?

Binti_Makorora: Wakuu, kaka yangu hucheza bakara kwenye simu. Kila raundi anaweka 5,000 kwa Benka na 1,000 kwa Sare, anasema ile ya sare ni bima. Mimi nahisi hiyo 1,000 ndiyo inayommaliza. Waliocheza, mmeona nini?

Fundi_Saa: Mimi sare imenipa hela nzuri tu. Nasubiri ipite raundi 20 bila kutoka, hapo naingia. Ikikaa sana lazima itoke.

Mpenda_Mkeka: Sare inalipa jamani! Mechi za timu zinazokaba sana naiweka kwenye mkeka kila wikiendi.

Binti_Makorora: Hiyo ni ya mpira, kaka. Naulizia karata.

Mgawaji_Mstaafu: Nimegawa karata kasino kwa miaka. Dada, bima hapo haipo: sare ikitoka, dau la Benka linarudishwa lote. Kaka yako analinda kitu ambacho hakipotei.

Sasa tazama bei. Kwa seti nane za karata, sare hutoka karibu mara 95 katika raundi 1,000. Akiweka 1,000 kila raundi, hizo 95 zinamlipa 8 kwa 1, yaani 760,000. Raundi 905 zilizobaki zinamla 905,000. Amepungukiwa na kama 145,000. Ili isimle, sare ingepaswa kulipa karibu 9.5 kwa 1.

Benka hushinda mara nyingi kidogo kuliko Mchezaji, na hata baada ya kukatwa kamisheni ya asilimia 5, nyumba inabaki na kama asilimia 1.06 ya dau. Kwa Mchezaji ni 1.24. Kwa hiyo ile 5,000 inamgharimu wastani wa shilingi 53 kwa raundi, na ile 1,000 ya sare shilingi 144. Dau dogo linamla karibu mara tatu ya lile kubwa.

Fundi, karata hazijui kwamba umesubiri. Nimeona sare mbili mfululizo, nimeona pia kasha karibu zima bila hata moja.

Fundi_Saa: Sawa, lakini meza yangu inalipa 9. Hapo hesabu inabadilika.

Mgawaji_Mstaafu: Ikiwa kweli ni 9 kwa 1, nyumba inashuka hadi asilimia 4.84, bado ni zaidi ya mara nne ya Benka. Ila angalia vizuri: kama kioo kimeandika 9.00 kwa mtindo wa odi za mpira, humo dau lako limeshahesabiwa. Hiyo ni 8 kwa 1 ileile.

Fundi_Saa: Imeandikwa 9 tu. Ikitoka tena nitaangalia salio limeongezeka ngapi.

Mwana_Nyali: Na dau la jozi, lile la 11 kwa 1? Mimi ndilo linalonivuta.

Mgawaji_Mstaafu: Hapo nyumba inachukua zaidi ya asilimia 10. Nafuu kuliko sare, lakini si kwa mengi.

Binti_Makorora: Nimemtumia kaka hesabu ya 53 na 144. Ameisoma, hajajibu.